Mada za Telegram kwenye kundi la diaspora: funga, usifute

Kundi letu la Waswahili hapa Ujerumani lina watu zaidi ya mia tatu, na kwa miaka mingi kila kitu kilimwagwa sehemu moja: pasipoti, vyumba vya kupanga, tiketi za kurudi likizo, harusi na misiba. Basi mwenye kundi akaingia kwenye taarifa za kundi, akabonyeza kuhariri, akawasha Topics. Kuwasha hakuna kazi. Kila jambo likapata mada yake, na mimi nikapewa uadmini wa kuzitunza.

Kisha tukafiwa. Tukafungua mada ya msiba, na mle ndimo ilimokaa orodha ya michango: jina, kiasi, benki au taslimu, na nani kapokea. Mnajua daftari la rambirambi nyumbani linavyotunzwa. Hilo ndilo lilikuwa daftari letu. Mwili ukasafirishwa, ukazikwa, arobaini ikapita. Nikaona mada imekaa kimya, nikataka kuiondoa mbele ya macho ya watu. Nikaishikilia kwa kidole, menyu ikaja, nikachagua Delete Topic. Onyo lilitokea, nikakubali bila kulisoma.

Delete Topic hufuta mada pamoja na kila ujumbe uliomo, na huufuta kwa watu wote. Ujumbe hauhamii General, ile mada ya jumla ya kundi, wala hakuna kapu la taka la kwenda kuuokota. Nilichokuwa nakitaka ni Close Topic, ambayo imo kwenye menyu ileile: mada inafungwa, mwanachama wa kawaida hawezi tena kuandika, lakini kila mtu anaendelea kusoma na kutafuta ndani yake, na siku ikihitajika inafunguliwa tena.

Wiki mbili baadaye shemeji wa marehemu akaomba orodha, maana kuna watu wawili waliosema wametoa na majina yao hayakusomwa. Mweka hazina hakuwa na nakala, alitegemea kundi. Tulikaa siku tatu na taarifa ya benki. Zilizopita benki tulizipata, ingawa nyingine zilitumwa kwa akaunti ya mke au ya rafiki. Za taslimu, euro 340 hivi, mpaka leo hatuna jina la kuziwekea. Mama mmoja aliyetoa mkononi ameacha kunisalimia, na sina cha kumwonyesha.

Kwa hiyo nasema tena: mada ikiisha kazi, ifunge, usiifute. Na usitegemee uangalifu wa admini, mnyang'anye kitufe chenyewe. Anayetunza mada anahitaji haki ya Manage Topics. Hiyo inamtosha kufunga na kufungua. Kufuta mada ya watu kunatokana na haki nyingine, Delete Messages. Mimi nilikuwa nazo zote mbili kwa sababu tulipogawa uadmini tuliacha kila kitu kikiwa kimewashwa. Siku hizi Delete Messages anayo mwenye kundi na mtu mmoja tu wa kuondoa matapeli.

Hata hivyo, orodha ya pesa isikae mahali pamoja. Kila Jumapili mweka hazina anaituma kwenye Saved Messages zake. Nakala hiyo inabaki hata ya kundini ikifutwa.

Wajerumani nilikuwa nawaona wagumu kwa yale mafaili yao yaliyopangwa ukutani, barua ya mwaka wa nyuma kabisa bado imetobolewa na kuwekwa. Nimebadili mawazo. Kwao jambo kuisha si sababu ya kulitupa. Linarudi rafuni na mgongo wake umeandikwa. Sisi tunaamini watu watakumbuka, na watu waliotawanyika miji minne hawakumbuki kitu kimoja.

Sasa ndugu zetu wa nyumbani, mliounganishwa kundini ili mfuatilie msiba. Nawaomba kwa heshima, msiandike General "namba ya kutuma mchango ni ipi?" Anayewahi kujibu pale anaweza kuwa mtu yeyote. Ingieni mada ya msiba, namba imebandikwa juu. Wengi wenu mmechagua View as Messages, ndiyo maana mnaona kila kitu kimechanganyika, na mkiandika bila kujibu ujumbe fulani, maneno yenu yanaangukia General. Shangazi, rudisha mwonekano wa mada.

Ujumbe ulioangukia pasipo pake haubebwi kwenda mada nyingine. Unaweza tu kuutuma upya kule, kisha ule wa kwanza ukaondolewa, tena na yule mmoja mwenye haki ya kufuta, baada ya kuhakikisha nakala imefika.