Barua ya kupokea wateja: andika makubaliano ya mdomo

Ukikabidhiwa wateja wa mwenzako anayeondoka, barua ya kujitambulisha isiishie kwenye jina na namba ya simu. Mteja wa zamani anataka kujua kama yale aliyokubaliana na mwenzako yanabaki. Kaa na mwenzako mapema, mpitie mteja mmoja mmoja, hasa yale ya mdomo, kisha uyaandike. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibaigwa, kwa mfano: “Mzigo utaendelea kuja Jumanne, malipo ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, akaunti ya benki ni ileile. Kama kuna nililoliacha, naomba unijulishe kabla ya oda ijayo.” Mwenzako naye asaini, sahihi anayoifahamu itamwondolea mteja hofu ya matapeli. Punguzo ambalo bosi hajaliidhinisha usiliandike kwanza.