Mashine mbili za poka zinazofanana: soma jedwali la malipo kabla hujaingiza hela

Ukiingia ukumbi wa michezo hapa Mwanza mjini ukakuta mashine mbili za poka ya video zimekaa bega kwa bega, rangi moja, kioo kimoja, jina moja juu, watu wengi watachagua ile iliyo karibu na feni au ile iliyomlipa mtu jana. Jana haina uhusiano na leo. Kinachotofautisha mashine hizo kimeandikwa kwenye kioo chenyewe, na ukishajua pa kutazama hutumii hata dakika moja.

Niseme mapema ninazungumzia mashine gani. Zile mashine za matunda za sarafu ya mia mbili, zilizopo Kirumba, Igoma na karibu kila kona, hazimo. Jedwali la mashine ya matunda linakuambia picha fulani inalipa kiasi gani, lakini halikuambii picha hiyo hutokea mara ngapi, kwa hiyo huwezi kupiga hesabu yoyote. Poka ya video ni tofauti kwa sababu kuna karata 52 na kila mtu anazijua. Unapewa karata tano, unashika unazotaka, nyingine unabadilishiwa mara moja, na tano za mwisho ndizo mkono wako. Nafasi ya kupata kila mkono inahesabika, na malipo yameandikwa. Ukiwa na vitu hivyo viwili, marejesho ya mashine hayafichiki.

Hatua ya 1: hakikisha ni mchezo uleule

Tafuta jina la mchezo. Hapa nitatumia JACKS OR BETTER, ambao ndio msingi wa mingine. Mstari wa chini kabisa wa jedwali lake ni jozi ya J au zaidi (J, Q, K au A), nao unalipa 1. Maana yake unarudishiwa ulichoweka tu, hujapata faida.

Usilinganishe mashine mbili zenye majina tofauti kwa kutazama namba peke yake. Kwa mfano, BONUS POKER huonekana kulipa kidogo kwenye mistari ya katikati, lakini unalipa zaidi karata nne za namba moja: A nne zinalipa 80 badala ya 25. Namba za katikati ambazo ni mbaya kwenye JACKS OR BETTER, kwenye BONUS POKER ni nzuri sana. Nitazitaja hapa chini.

Hatua ya 2: soma safu ya sarafu moja, mistari miwili tu

Jedwali lina safu tano, kuanzia sarafu 1 hadi 5. Wewe tazama safu ya kwanza, ushuke hadi FULL HOUSE (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine) na FLUSH (karata tano za alama moja, mfano kopa tupu).

```
Mashine A       1    2    3    4    5
FULL HOUSE      9   18   27   36   45
FLUSH           6   12   18   24   30

Mashine B       1    2    3    4    5
FULL HOUSE      8   16   24   32   40
FLUSH           5   10   15   20   25
```

Kwa nini mistari hii miwili? Kwa sababu hapo ndipo mwenye ukumbi hupunguzia. Akipunguza jozi ya J kila mtu atashtuka, kwani hutokea kila mara. FULL HOUSE na FLUSH hutokea kila mmoja takribani mara moja katika mikono 90. Ni mara chache kiasi kwamba mchezaji hahisi pengo, lakini ni mara za kutosha kumwingizia mwenye mashine hela. Ukipunguza 1 kwenye mstari mmoja, mchezaji hupoteza zaidi kidogo ya asilimia 1 ya kila anachoweka.

Mashine A, ile ya 9 na 6, hurudisha asilimia 99.54 kwa mtu anayecheza bila kosa. Mashine B, ya 8 na 5, hurudisha asilimia 97.30. Ukikuta 7 na 5, ni 96.15. Ya 6 na 5 ni karibu 95. Na ile BONUS POKER niliyoitaja, ikiwa na 8 na 5, hurudisha 99.17. Ndiyo maana nimesisitiza jina kwanza.

Hatua ya 3: pitisha jicho kwenye TWO PAIR

Jozi mbili zinapaswa kulipa 2. Mkono huu hutokea karibu mara 13 katika mikono 100, kwa hiyo ukikuta unalipa 1 na mistari mingine yote ni ileile, umepoteza takribani asilimia 13 kwa mpigo. Mashine ya namna hiyo inaweza kuwa na 9 na 6 zinazopendeza macho, na bado ikawa mbaya kuliko zote ukumbini.

Hatua ya 4: linganisha safu ya nne na ya tano kwenye ROYAL FLUSH

Hapa kuna jambo la pesa halisi. Ukiweka sarafu moja hadi nne, ROYAL FLUSH, yaani 10, J, Q, K na A za alama moja, hulipa 250 kwa kila sarafu. Ukiweka tano, lazima isome 4000, yaani 800 kwa kila sarafu.

Chukua mtu mwenye shilingi 500 za kuweka kwa kila mkono. Akiweka sarafu moja ya 500, ROYAL FLUSH itampa 125,000. Akishusha thamani ya sarafu hadi 100 na kuweka tano, dau ni lilelile lakini atapata 400,000. Mkono huu ni adimu mno, mara moja katika mikono kama 40,000, lakini tofauti hiyo peke yake ina uzito wa zaidi ya asilimia 1. Kwa hiyo shusha thamani ya sarafu, kisha bonyeza MAX BET.

Hatua ya 5: geuza asilimia kuwa shilingi

Asilimia 2 na ushee inasikika ndogo. Tuseme unaweka 1,000 kwa mkono na unacheza mikono 400 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa aliyezoea. Umezungusha 400,000. Kwenye mashine A, wastani wa hasara ni 1,840 kwa saa. Kwenye mashine B ni 10,800. Karata zilezile, saa ileile. Angalia pia kwamba hata A haikupi faida: inakugharimu kidogo tu. Na huo ni wastani wa muda mrefu, maana kwa jioni moja unaweza kupoteza zote au kushinda kwenye yoyote.

Asilimia hizo pia zinadai uchezaji sahihi. Umepewa J ya kopa, J ya pau, kisha 4, 8 na 9 za kopa. Wengi hutupa J ya pau wakifukuzia kopa ya tano. Ukishika kopa nne, wastani wa malipo kwenye mashine A ni kama 1.19 kwa kila sarafu. Ukishika jozi ni kama 1.54. Shika jozi. Makosa kama haya yakirundikana, mtu anaweza kukaa kwenye 9 na 6 akapata marejesho ya 8 na 5.

Hesabu hii inapokoma

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja: mashine igawe karata kutoka pakiti kamili ya 52, kila karata ikiwa na nafasi sawa. Kwa macho huwezi kulithibitisha hilo. Ndiyo maana mimi hucheza tu kwenye ukumbi wenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na mashine isiyoonyesha jedwali lake kabla ya kuingiza hela siigusi.

Na ukibadilisha thamani ya sarafu kwenye mashine ileile, rudi hatua ya 2. Mashine zenye thamani kadhaa huweza kuwekewa jedwali tofauti kwa kila thamani, na mara nyingi thamani ya chini ndiyo hupewa jedwali bovu. Ukishusha kutoka 500 hadi 100 ukaona FULL HOUSE imeshuka kutoka 9 hadi 7, ile faida ya hatua ya 4 imeliwa yote. Hapo tafuta mashine nyingine.