Somo: Jinsi mkimbiaji mwenye uoni hafifu anavyopangiwa daraja la T11, T12 au T13

Swali linalorudi kila msimu ni hili: "Kijana wangu haoni vizuri, barua ya hospitali anayo, mbona amerudishwa?" Mara nyingi barua ni ya kweli na kijana kweli haoni vizuri. Ila barua inataja ugonjwa, na daraja la riadha ya Paralimpiki, yaani kundi ambalo mtu anashindana ndani yake, halitolewi kwa jina la ugonjwa. Linatolewa kwa kiasi ambacho jicho bado linaona. Leo nachukua macho peke yake, maana ukijaribu kueleza madaraja yote kwa pamoja watu hutoka wamechoka kuliko walivyoingia.

Kwanza namba zenyewe. T ni mbio na miruko, F ni mitupo. Tarakimu ya kwanza inataja aina ya ulemavu: 1 ni macho, 2 ni ulemavu wa akili, 3 ni matatizo ya kuratibu mwili kama mtindio wa ubongo, 4 ni kimo kifupi au ulemavu wa mikono na miguu, 5 ni wanaoshindana wakiwa wamekaa, 6 ni wanaokimbia na mguu bandia, 7 ni wanaokimbia kwa fremu ya magurudumu matatu. Kwenye macho, 11 ndiye asiyeona kabisa au karibu kabisa, na 13 ndiye anayeona zaidi.

Hatua ya 1: Karatasi

Daktari bingwa wa macho anajaza fomu ya uchunguzi ya World Para Athletics, chombo kinachosimamia riadha ya walemavu duniani. Si daktari wa kawaida, wala si fundi wa miwani. Fomu isiwe na umri wa zaidi ya miezi 12, na inatumwa na kamati ya Paralimpiki ya nchi wiki kadhaa kabla ya mwanariadha kukutana na jopo la wapimaji wanaotoa daraja. Tatizo lazima liwe kwenye jicho lenyewe, kwenye mshipa unaotoka jichoni kwenda ubongoni, au kwenye sehemu ya ubongo inayopokea picha.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtoto wa jicho au kovu kwenye kioo cha jicho, daktari yeyote anayemulika ataliona. Lakini kuna magonjwa ya retina na ya mshipa wa jicho ambayo jicho likitazamwa juu juu linaonekana zima. Kwa hayo jopo linataka vipimo vya ziada, kama picha ya tabaka za retina au kipimo cha umeme wa retina na ubongo. Kijana akifika bila hivyo, jopo linaweza kushindwa kumaliza kazi, naye akarudi nyumbani bila daraja lolote.

Hatua ya 2: Kupima ukali wa jicho

Jopo linapima macho yote mawili, kila moja peke yake, mwanariadha akiwa amevaa miwani au lenzi zinazomsaidia zaidi. Kinachohesabiwa ni jicho lililo bora. Kwa hiyo mtu aliyepoteza jicho moja kabisa, jingine likawa zima, hana daraja. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kipimo kinaitwa LogMAR. Sifuri ni jicho la kawaida, na namba ikipanda uoni unashuka. Mipaka ni hii:

- T13: kuanzia 1.0 hadi 1.4
- T12: kuanzia 1.5 hadi 2.6
- T11: vibaya kuliko 2.6

Hospitali zetu nyingi huandika kwa mtindo wa 6/60, maana yake mgonjwa anaona kwa mita 6 kile ambacho mwingine angekiona kwa mita 60. Hiyo 6/60 ndiyo LogMAR 1.0, mlango wa kuingilia. Kwa picha rahisi: ukiwa mita 6 kutoka ukutani, herufi ndogo kabisa unayoweza kuisoma ina urefu wa karibu sentimita 9. Ukisoma ndogo kuliko hiyo kwa jicho lako bora na miwani yako, hustahili. 6/120 ni 1.3. Mpaka wa T11 uko mbali sana: kwenye kadi za Berkeley, ambazo ni za kupimia uoni mdogo sana, herufi E moja yenye urefu wa karibu sentimita 15 inawekwa sentimita 25 tu kutoka usoni. Asiyeweza kusema miguu ya hiyo E imeelekea wapi ndiye T11, hata kama bado anatofautisha mwanga na giza.

Na usidhani mtu anaweza kujifanya haoni akapita kirahisi. Herufi hurudiwa kwa umbali tofauti, na majibu lazima yalingane: ukisogezwa nusu ya umbali, unatakiwa kusoma herufi za nusu ya ukubwa. Pia majibu hulinganishwa na hali ya jicho na karatasi za daktari. Ikithibitika kwamba mtu amedanganya makusudi, adhabu inaweza kuwa kufungiwa kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 3: Eneo la kuona

Kuna watu wanaosoma herufi ndogo vizuri lakini wanaona kama wanachungulia kwenye bomba, hasa wenye presha ya macho iliyokomaa au ugonjwa wa retina unaoanzia pembeni. Hao wanapimwa upana. Uoni wenye kipenyo kisichofika nyuzi 40 unampa T13, na usiofika nyuzi 10 unampa T12. Kwa njia hii ya upana peke yake hakuna T11. Ukitegemea upana, chapisho la mashine ya kupima eneo la kuona lazima liwemo kwenye faili. Sentensi ya daktari kwamba "anaona katikati tu" haitoshi.

Mfano mmoja tuufuate

Tuseme kijana wa miaka 17, ana ualbino, anakimbia mita 1500. Bila miwani, jicho la kulia linatoa 1.3 na la kushoto 1.5. Kocha wake anaona 1.5 na kusema huyu ni T12, anaanza kumtafutia mwelekezi wa kukimbia naye. Makosa mawili hapo: ameangalia jicho baya, na ameangalia bila miwani.

Jopo linamvalisha miwani yake. La kulia sasa linatoa 1.1, la kushoto 1.4. Linalohesabiwa ni la kulia, 1.1. Daraja lake ni T13, na T13 hakimbii na mwelekezi. Sasa tazama alivyo karibu na mlango: kila mstari wa chati una herufi 5 na thamani ya 0.1. Akisoma mstari mmoja zaidi anafika 1.0, bado yumo. Akisoma miwili anafika 0.9, yuko nje. Miwani mipya yenye vipimo sahihi ingeweza kumtoa kabisa. Ndiyo maana nasema kijana apimwe na kupewa miwani sahihi mapema, nyumbani, kuliko kugundua ukweli akiwa ugenini na tiketi imeshalipwa.

Hatua ya 4: Hadhi ya daraja

Pamoja na daraja unapewa hadhi. N ni mgeni, hajapimwa na jopo la kimataifa. R ni wa kurudiwa, pengine kwa mwaka uliotajwa, hasa kwa vijana na kwa magonjwa yanayobadilika. C imethibitishwa. Asiyefikia kiwango cha chini anaandikwa hastahili, na hapo jopo la pili humpima upya kabla uamuzi haujakaa.

Kwa nini watenganishwe hivi?

Tazama mita 1500. Fainali ya T13 kule Rio 2016, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa 3:48.29, na Henry Kirwa wa Kenya akawa wa tatu. Wanne wa kwanza wote walikimbia haraka kuliko 3:50.00 ya bingwa wa Olimpiki wa mwaka huohuo. Kweli, fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, lakini inakuonyesha T13 ni watu wa namna gani. Sasa Samwel Mushai Kimani wa Kenya, T11, alipata dhahabu London 2012 kwa 3:58.37 akiwa na mwelekezi wake James Boit. Ni mbio nzito, ya kasi kubwa, na bado ni sekunde 10 nyuma. Kuwaweka pamoja ni kumnyima Kimani medali kwa sababu ya macho, si ya miguu.

T11 huvaa miwani isiyopitisha mwanga, ili anayeona kivuli asimzidi asiyeona chochote. Anakimbia na mwelekezi, wameshikana kwa kamba fupi. T12 anachagua mwenyewe kuwa na mwelekezi au la. Mwelekezi haruhusiwi kumvuta wala kutangulia kuvuka mstari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana ualbino na macho yake yanachezacheza. Si anaingia moja kwa moja?

*Marahaba, mama. Haingii moja kwa moja. Ualbino wenyewe hauna daraja, jicho ndilo lenye daraja. Wapo wenye ualbino wanaopimwa T12, wapo T13, na wapo wengi wanaosoma vizuri kuliko 6/60 wakivaa miwani, hao hawastahili. Kuchezacheza kwa macho kutaandikwa na daktari, lakini namba ndiyo itakayoamua.*

Kocha wa shule, Kisumu: Nina mkimbiaji wa T12 lakini mashindano yameweka mita 1500 ya T11 na T13 tu. Anakaa nje?

*Hapana, kocha. Anaweza kupanda kwenda kwa wanaoona zaidi, yaani T13. Hawezi kushuka T11. Ndiyo maana T12 wengi wa mbio ndefu hujikuta wakifukuzana na T13. Wakati wa kumpangia mazoezi, angalia muda wa T13, usijifariji na wa T12.*

Mwanachama, Mombasa: Mwanariadha wetu ana T12 hadhi ya C. Sasa anataka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Akifanya tunafanyaje?

*Afanye, macho kwanza. Lakini C haimlindi. Uoni ukibadilika baada ya tiba, kamati ya nchi lazima ipeleke ombi la kupitiwa upya. Kukaa kimya huku anaona vizuri zaidi kunaweza kuhesabiwa udanganyifu.*

Mwelekezi, Eldoret: Kwani mwelekezi akichoka njiani? Nilisikia Wanyoike alimvuta mwenzake.

*Ulisikia vizuri, kaka. Sydney 2000, mita 5000, Henry Wanyoike alikuwa na nguvu na mwelekezi wake alikuwa mgonjwa, ikabidi yule asiyeona amkokote anayeona hadi mwisho, na dhahabu akaipata. Ila kamba usiiachie. Paris 2024, Elena Congost wa Hispania alikuwa anamaliza wa tatu kwenye marathoni ya T12, mwelekezi akayumba hatua chache kabla ya mstari, akaiachia kamba ili amshike. Siku ile akaondolewa kwenye matokeo. Kwa hiyo tafuta mwelekezi mwenye muda bora kuliko wako kwa kiasi cha kutosha, maana lazima akimbie huku anaongea.*