Somo: Kupanga namba nne kwa mtandao wa vilinganishi vitano

Wakuu, somo hili limetoka kwenye chumba cha baridi cha parachichi kule Rungwe. Ndani kuna vihisi joto vinne vya DS18B20, vyote vimeungwa kwenye Arduino Uno. Kihisi hiki umeme ukikatika na kurudi, ukikisoma kabla hakijapima kinakupa nyuzi 85. Sasa chukua 7, 5, 85 na 6: wastani wake ni 25.75, kengele inalia usiku na parachichi hazina shida yoyote. Dawa yake ni kuzipanga namba, kuacha ya chini kabisa na ya juu kabisa, halafu kutafuta wastani wa mbili za katikati.

Kuzipanga tutatumia mtandao wa kupanga, yaani orodha ya malinganisho iliyoamuliwa mapema. Namba zije vyovyote zitakavyo, nafasi zinazolinganishwa ni zilezile na kwa mfuatano uleule.

Hatua ya 1: andika kilinganishi. Kazi yake ni moja tu: ndogo ikae kushoto, kubwa ikae kulia.

```c
void panga(int *x, int *y) {
  int d = *x - *y;
  int m = d & -(d > 0);
  *x -= m;
  *y += m;
}
```

Kama `x` ni kubwa, `m` inabeba tofauti yao na namba zinabadilishana nafasi. Kama sivyo, `m` ni sifuri na hakuna kinachosogea. Angalia tu kwamba `int` ya Uno inaishia 32767, kwa hiyo ukiilisha 30000 na -10000 tofauti yake haitoshei na matokeo yanaharibika. Kwa nyuzi joto hatufiki huko.

Hatua ya 2: viweke vitano kwa mfuatano huu.

```c
panga(&a[0], &a[1]);
panga(&a[2], &a[3]);
panga(&a[0], &a[2]);
panga(&a[1], &a[3]);
panga(&a[1], &a[2]);
```

Viwili vya kwanza vinapanga kila jozi. Cha tatu kinakutanisha wadogo wa jozi zote mbili, hivyo mdogo kuliko wote anatua nafasi ya 0. Cha nne kinakutanisha wakubwa, na mkubwa kuliko wote anatua nafasi ya 3. Waliobaki katikati bado hawajapambanishwa, ndiyo kazi ya cha tano.

Hatua ya 3: fuatilia kwa kalamu. Tunaanza na 7, 5, 85, 6. Cha kwanza kinatupa 5, 7, 85, 6. Cha pili, 5, 7, 6, 85. Cha tatu na cha nne vinakuta mambo yako sawa. Cha tano kinageuza 7 na 6, tunapata 5, 6, 7, 85. Wastani wa katikati ni 6.5.

Hatua ya 4: hakiki. Usijaribu namba tatu nne ukaridhika. Kanuni ya sifuri-moja inasema mtandao ukiweza kupanga kila mchanganyiko wa 0 na 1, utapanga namba zozote. Kwa nafasi nne ni michanganyiko 16 tu, kitanzi kimoja kinaimaliza. Futa kilinganishi cha tano uone: 0101, 0110, 1001 na 1010 zinatoka 0101, na 12 zilizobaki zinapita vizuri. Ndiyo maana kosa la namna hii hujificha.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mafinga: Mkuu, vitu vinne tu, si bora nitumie `if` za kawaida?*

Kwa Uno usitegemee kasi kubwa zaidi, mkuu. Kupanga kwa kuchomeka kunahitaji malinganisho 3 hadi 6 kutegemea namba zilivyokuja, mtandao ni 5 daima. Faida kubwa utaiona kwenye prosesa za kompyuta, ambazo hubahatisha njia ya `if` na kupoteza muda zikikosea. Ila kompaila inaweza kuiweka `if` yenyewe kimyakimya, kwa hiyo fungua asembli uangalie.

*Kutoka Tukuyu: Mwalimu, nimeondoa cha tano na wastani haujabadilika. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, dada. Jumla ya mbili za katikati haijali ipi imetangulia, kwa kazi hii vinne vinatosha. Ukitaka orodha yenyewe iliyopangwa, kirudishe.

*Kutoka Makambako: Nikiwa na vihisi vinane?*

Vilinganishi 19, na mbinu ya Ken Batcher ya mwaka 1968 inakufikisha hapohapo. Hakiki michanganyiko yote 256.

*Kutoka Njombe: Na viwili vikileta 85 kwa pamoja?*

Hapo inashindwa, kaka. 5, 6, 85, 85 inatoa 45.5. Kimoja kikileta 85 na kingine -127, ile ambayo maktaba ya DallasTemperature hurudisha kihisi kikichomoka, bado uko salama kwa sababu kila kimoja kinaangukia upande wake. Viwili upande mmoja vinahitaji vihisi vitano au zaidi na kuchukua ya katikati. Kwa vitano, vilinganishi ni 9.