Simu ikigundulika ni feki: picha na karatasi za kuweka ili dai lako lisimame

Mimi ni fundi wa simu, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika ripoti zinazoambatanishwa kwenye madai ya waranti na bima. Simu feki ninazofungua zina mkasa unaofanana. Mwenye simu huja kwa sababu kioo kimepasuka au imeingia maji, fundi anafungua, na ndani anakuta bodi isiyo ya kampuni iliyoandikwa kwenye boksi. Kampuni iliyotajwa inasema waranti yake haihusu kifaa ambacho haikukitengeneza, na hapo haina kosa. Muuzaji naye anasema, “Hii siyo simu niliyokuuzia.” Kampuni ya bima inauliza kama kifaa hiki ndicho ilichokiwekea bima.

Maswali ya hao wawili wa mwisho ni swali moja: je, kilichopo mezani ndicho kilichotoka dukani? Picha zako hazina kazi ya kuthibitisha uhalisi wa simu, hiyo ni kazi ya ripoti. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kifaa hakijabadilishwa njiani.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kufungua boksi

Piga pande zote sita, kisha sogea karibu na stika na plastiki iliyofunga boksi. Kwenye stika yaonekane jina la modeli, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na namba ya mfululizo ya kifaa. Kama simu imeletwa kwa kifurushi, anza na kifurushi kikiwa bado kimefungwa, karatasi ya anwani ikionekana.

Kinachofaa zaidi ni video moja isiyokatwa: unafungua, unatoa simu, unaiwasha. Ukisimamisha video katikati umempa muuzaji nafasi ya kusema ulibadilisha hapo hapo. Ichukue kwa simu nyingine, juu ya meza yenye mwanga, na usiitoe simu mpya kwenye fremu hata sekunde moja.

Hatua ya 2: Boksi, risiti na skrini katika picha moja

Kwenye simu mpya bonyeza:

```
*#06#
```

Itatokea IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Weka simu hiyo ikiwa imewaka kando ya boksi na risiti, piga picha moja, kisha ikuze uone kama kila tarakimu inasomeka. Linganisha namba ya skrini na ya boksi papo hapo. Tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazotambulisha modeli, kwa hiyo ukikagua namba hiyo na jibu likaja na modeli nyingine kabisa, rudi dukani siku hiyo hiyo.

Lakini namba zikilingana usitulie sana. Watengenezaji wa feki hunakili IMEI ya simu halisi, wakaibandika kwenye boksi na kuiingiza kwenye programu ya simu. Ndiyo maana hatua inayofuata ni muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Alama za mwili

Piga picha za karibu za ukingo wa chini (tundu la chaji, skrubu, matundu ya spika), trei ya laini ikiwa imetolewa, duara la kamera, na maandishi ya mgongoni. Unatafuta kasoro ndogo za kiwandani, maana hizo haziwezi kunakiliwa kwenye simu nyingine baadaye.

Nikupe mfano. Mteja mmoja alileta simu iliyoanguka. Nilipoifungua nikakuta betri isiyo na maandishi yanayostahili na bodi ya aina nyingine. Muuzaji alikubali kwamba IMEI ni ile aliyoiandika kwenye risiti, ila akadai mteja ameihamishia kwenye kava la simu nyingine. Mteja alikuwa na picha 11 za siku ya kununua. Katika picha ya ukingo wa chini, kitundu kimoja cha spika kilikuwa kimetobolewa nusu tu, kama mwezi mchanga, cha tatu kutoka kulia. Nikaiweka simu chini ya kioo cha kukuzia: cha tatu kutoka kulia, nusu. Ubishi wa kubadilisha simu ukaishia pale, tukabaki na swali la fedha tu.

Hatua ya 4: Risiti na tangazo

Risiti iliyoandikwa “simu 1” haikusaidii. Omba iandikwe modeli, IMEI, tarehe na jina la duka, ipigwe na mhuri kama upo. Risiti za mashine nyingi huchapwa kwenye karatasi inayofanya kazi kwa joto, na maandishi yake hufifia. Ipige picha siku hiyo, kisha uihifadhi mahali pakavu pasipo na jua. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni ya moto: nimeona risiti iliyorudi nyeusi yote.

Ongeza uthibitisho wa malipo na picha ya skrini ya tangazo, hasa pale muuzaji alipoandika “orijino” au “mpya”. Tangazo hufutwa haraka, na ahadi ile ndiyo unayomdai.

Hatua ya 5: Tunza faili la kwanza

Faili la picha hubeba ndani yake tarehe, saa na aina ya kamera. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hubana picha na kuondoa taarifa hizo. Itume kama faili, siyo kama picha, na uweke nakala sehemu mbili. Ukitaka kuchora mshale au kukata ukingo, fanya kwenye nakala.

Hatua ya 6: Siku inapokwenda kwa fundi

Rudia picha za hatua ya 2 na ya 3 kabla ya kuikabidhi, na udai karatasi ya mapokezi yenye IMEI na hali ya simu. Mwambie fundi apige picha ya ndani kabla hajang'oa chochote.

Kisha soma ripoti kabla ya kuondoka. Neno “feki” peke yake halitoshi. Simu nzima kuwa ya bandia ni jambo moja, na simu halisi iliyowekewa kioo au betri isiyo ya kampuni ni jambo jingine, na madai yake hayafanani. Ripoti itaje kilichoonekana, kwenye sehemu gani, nani aliyefungua, tarehe gani, na kama kulikuwa na dalili za kufunguliwa kabla.

Hatua ya 7: Nani adaiwe nini

Simu nzima ikiwa feki, anza na muuzaji, kwa maandishi, ukiambatanisha ripoti. Kama ulilipa kwa kadi, iarifu benki mapema, kwa kuwa pingamizi la malipo lina muda wa mwisho. Benki inaweza kutaka ripoti ya mtu asiye na maslahi kwenye mauzo hayo.

Bima kwa kawaida hulipa hasara kama kuvunjika au kuibiwa, hailipi kwa sababu ulitapeliwa. Dai la kioo kilichovunjika linaweza kukataliwa au kupimwa kwa thamani ya kifaa chenyewe badala ya bei uliyolipa. Ukishaipata ripoti, usijaze fomu kana kwamba simu ni halisi. Hapo ndipo mtu aliyetapeliwa anageuka kuwa yeye ndiye mdanganyifu.

Na usiirudishe simu kwa muuzaji mikono mitupu. Akiihitaji, aandike amepokea simu gani, yenye IMEI ipi, siku gani. Boksi, chaja na stika za ndani baki nazo mpaka dai lifungwe. Stika iliyochapwa vibaya nayo ni ushahidi.