Jinsi ya kuomba kaunti ibadilishe mgao wa fedha za zahanati: sawa kwa wote, kwa mahitaji, au kwa utendaji?

Nimehudhuria vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti, hapa Kenya, kwa miaka kadhaa nikiwa mjumbe wa kamati ya zahanati, na vyote hufanana. Mzee anasimama, anasema zahanati yao haina dawa. Mama wa kijiji jirani anasimama, anasema yao haina hata muuguzi wa usiku. Karani anaandika, soda zinanywewa, na Juni bajeti inapita kama ilivyoletwa. Kamati ya Bajeti haikatai kwamba kuna shida. Fedha ni zile zile, na aliyelia hakusema zitoke wapi, ziende wapi, kwa kanuni gani. Mwongozo huu ni wa kuandika ombi linalosema hayo matatu.

Kwanza, jua dirisha lako

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi hufanyika mapema zaidi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao kwenye tovuti ya kaunti utauona umeandikwa CFSP, huwasilishwa kufikia 28 Februari, na humo ndimo kila idara huwekewa ukomo wa fedha. Makadirio yenyewe huja kufikia 30 Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kwisha.

Hii ina maana moja kubwa. Ukitaka afya ipate zaidi na barabara ipate kidogo, ombi lako ni la Februari. Ukija Mei umechelewa, maana kanuni za 2015 haziruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Linalowezekana Mei ni kubadilisha mgao ndani ya fungu la afya: zahanati hii na ile. Ombi la aina hiyo ndilo naloeleza hapa, kwa kuwa ndilo mwananchi wa kawaida hulishinda.

Pili, tafuta tarakimu kabla ya kuandika neno lolote

Unahitaji vitu vitatu kwa kila zahanati: fedha iliyotengewa, idadi ya watu inaowahudumia, na kazi iliyofanya. Fedha zimo katika kitabu cha makadirio, ingawa mara nyingi zahanati zote zimefungwa katika mstari mmoja bila mchanganuo. Ikiwa ndivyo, mwandikie afisa mkuu wa afya wa kaunti barua ya kuomba mchanganuo, ukitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ana siku 21 za kujibu. Kwa hiyo barua hii iandikwe Machi, si wiki ya kikao.

Idadi ya watu iko kwenye chati ya chanjo iliyobandikwa ukutani. Kazi iko kwenye ripoti za kila mwezi: MOH 705A ni ya wagonjwa wa chini ya miaka mitano, 705B ni ya waliozidi hapo, na MOH 710 ni ya chanjo. Mwombe muuguzi msimamizi kwa adabu, kupitia mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Nakala za ripoti hazina majina ya wagonjwa. Rejista zinayo, hizo usiziguse.

Hapa pana mtego. Ukiona zahanati imechanja asilimia 120 ya watoto wake, usiisifu bado. Hakuna anayechanja watoto wasiokuwepo. Ama idadi ya watu ukutani ni ya zamani, ama akina mama wa wadi jirani wanavuka kuja hapo. Na jirani yake yenye asilimia 50 huenda si mvivu, watoto wake ndio hao waliovuka. Linganisha zahanati mbili zinazopakana kabla ya kutoa hukumu.

Tatu, chagua haki unayoiomba

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo kamati itakayokuuliza. Nitumie mfano wa kubuni. Wadi ina Sh2,400,000 za uendeshaji kwa zahanati tatu. Ya sokoni inahudumia watu 12,000 na iko kilomita 3 kutoka hospitali ya daraja la 4. Ya katikati ina watu 8,000, kilomita 18. Ya bondeni ina watu 4,000, kilomita 41, na friji yake ya chanjo inatumia gesi.

Ukisema "gawa sawa", swali linalofuata ni sawa kwa nani. Sawa kwa zahanati ni Sh800,000 kila moja. Sawa kwa mtu ni Sh100 kila kichwa, na hapo sokoni wanapata Sh1,200,000, katikati Sh800,000, bondeni Sh400,000. Yote mawili ni usawa, ila bondeni wamepungukiwa nusu kwa kubadilisha neno moja. Kila zahanati ina gharama zisizojali idadi ya watu: mlinzi, usafi, mtungi wa gesi. Ule mtungi huisha kwa siku zile zile, friji iwe na chanjo za watoto kumi au mia. Ndiyo sababu ya kuwa na kiwango cha chini kilicho sawa kwa zahanati zote. Ndiyo pia sababu kigezo cha kwanza cha kugawia kaunti fedha za kitaifa kilitenga asilimia 25 igawanywe sawa kwa kaunti zote 47, na asilimia 45 ifuate idadi ya watu.

Utendaji nao una wapenzi wake, hasa maafisa wa fedha. Tuseme sokoni wamechanja asilimia 90 ya watoto, katikati 80, bondeni 50. Ukizidisha watu kwa asilimia hizo na kugawa fungu lote hivyo, sokoni wanaondoka na Sh1,350,000, katikati Sh800,000, bondeni Sh250,000. Mtoto wa bondeni anaadhibiwa kwa sababu mtoto mwenzake hakuchanjwa. Sasa badilisha kipimo: angalia aliyepiga hatua kuliko mwaka jana. Sokoni walitoka 88 hadi 90, katikati 77 hadi 80, bondeni 35 hadi 50. Kwa hesabu hiyo bondeni, waliopanda pointi 15 kati ya 20, wangebeba Sh1,800,000. Neno ni lile lile, "utendaji", na mgao umepinduka juu chini. Anayekuambia tuzawadie wanaofanya vizuri, muulize vizuri kwa kulinganisha na nani.

Maoni yangu, na unaweza kuyakataa, ni kwamba utendaji usipewe sehemu ya fedha za dawa na gesi. Uwe sharti: zahanati isiyoleta hesabu za robo mwaka isubiri awamu inayofuata hadi ilete. Hata katika kigezo kile cha kwanza cha kaunti, uwajibikaji wa kifedha ulipewa asilimia 2 tu.

Kinachobaki ni mahitaji, na ugumu wake ni kuyapima. Usiandike "sisi ni maskini sana". Kila wadi ni maskini sana siku ya kikao. Chagua kipimo kimoja au viwili ambavyo mtu mwingine anaweza kwenda kuvikagua. Umbali hadi hospitali ni kizuri, maana haubadiliki kwa maneno na una gharama inayoonekana: nauli ya bodaboda kwenda kuchukua chanjo, mafuta ya gari la wagonjwa. Katika mfano wetu, mtu aliye chini ya kilomita 10 ahesabiwe kuwa 1, wa kilomita 10 hadi 30 ahesabiwe 1.25, na wa zaidi ya 30 ahesabiwe 2. Sokoni wanabaki 12,000, katikati wanakuwa 10,000, bondeni 8,000. Jumla 30,000.

Toa robo ya fungu, Sh600,000, iwe kiwango cha chini cha Sh200,000 kila zahanati. Sh1,800,000 zilizobaki, gawa kwa 30,000: Sh60 kwa kila hesabu. Sokoni wanapata jumla ya Sh920,000, katikati Sh800,000, bondeni Sh680,000. Sokoni bado ndio wenye fungu kubwa, jambo litakalokusaidia ukumbini, na bondeni wana Sh170 kwa kila mtu badala ya Sh100.

Mtu atakuuliza kwa nini 2 na si 1.8. Usijifanye kuna sayansi inayolazimisha 2. Onyesha risiti za nauli na gesi za miezi mitatu, sema uzito umetoka hapo, na ukubali ushushwe wakileta risiti zao.

Nne, andika

Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Mwelekee Karani wa Bunge la Kaunti, kwa Kamati ya Bajeti, nakala kwa mwakilishi wadi. Kila zahanati itajwe kwa jina na namba yake ya MFL, yaani ya orodha kuu ya vituo vya afya nchini, kwa kuwa majina hufanana na fedha zimewahi kwenda kwa zahanati ya jina hilo hilo upande mwingine wa kaunti. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Tunaomba Sh2,400,000 za uendeshaji wa zahanati tatu za wadi hii zigawanywe hivi: robo kwa usawa, na robo tatu kwa idadi ya watu iliyopimwa kwa umbali hadi hospitali ya daraja la 4. Hatuombi fungu la idara ya afya liongezwe. Zahanati ya sokoni itabaki na mgao mkubwa kuliko zote. Tunategemea Kifungu cha 201 cha Katiba, kinachotaka matumizi yalete maendeleo yenye usawa, pamoja na kuyatengea nafasi maalumu makundi na maeneo yaliyotengwa. Hesabu na risiti zimeambatishwa."

Sentensi ya pili ndiyo inayofungua mlango. Kamati ikiona huombi nyongeza, haina sababu ya kukujibu kwamba fedha hakuna.

Tano, peleka, kisha fuata

Peleka nakala mbili kwa mkono ofisi ya karani, ya pili ipigwe muhuri na tarehe mbele yako. Mwaka mmoja tulituma barua pepe peke yake. Tulipouliza, tukaambiwa haikuonekana, na hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Siku ya kikao usisome barua yote, utapewa dakika mbili. Soma mgao wa sasa, mgao unaouomba, kisha kaa. Ni busara zaidi kama mtu wa zahanati ya sokoni ndiye atakayeusoma, kwa hiyo nendeni mkakubaliane nao wiki moja kabla, na jedwali mkononi.

Baada ya kikao, tafuta ripoti ya Kamati ya Bajeti kabla haijajadiliwa bungeni. Angalia kama ombi lenu limetajwa na limejibiwa nini. Likiwa limepita, kazi haijaisha: kutengewa si kupokea. Robo ya kwanza huisha Septemba, kwa hiyo Oktoba nendeni zahanati, muulizeni muuguzi kiasi kilichoingia benki, mkilinganishe na robo ya mgao wa mwaka. Kwa bondeni, waliotengewa Sh680,000, inatakiwa iwe karibu na Sh170,000.