Somo: Bima ya jengo la kanisa, msikiti au shule, na nani atie saini kwa niaba ya wanachama

Jengo la ibada au la shule huchangwa na wengi, lakini kwa sheria wengi hao si mtu mmoja anayeweza kumiliki mali au kuingia mkataba. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia ada tunaanza na jina litakaloandikwa kwenye hati ya bima.

Hatua ya kwanza: angalieni hati ya ardhi. Hapa Uganda makanisa mengi husimama kwenye ardhi iliyoandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi, na misikiti mingi kwa jina la wadhamini wa baraza la Waislamu. Ipo pia jumuiya iliyosajili wadhamini wake yenyewe chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, ikapata cheti na lakiri. Wadhamini wa namna hiyo huendelea kuwapo kisheria hata mmoja wao akifariki. Jina hilo ndilo liandikwe kama mwenye bima, kisha liongezwe jina la mahali, kwa mfano “Wadhamini Waliosajiliwa wa dayosisi fulani, kwa niaba ya parokia fulani”. Mwenyekiti akijiandikisha kwa jina lake binafsi, kampuni inaweza kumuuliza siku ya hasara ni kitu gani chake kilichoungua. Naye akifariki, madai yanaweza kuangukia mikononi mwa wasimamizi wa mirathi yake.

Hatua ya pili: fanyeni kikao na kiandikiwe muhtasari. Muhtasari utaje jengo, kiasi cha bima, na watu watakaotia saini kwa vyeo vyao. Ikiwa wadhamini wako makao makuu, ombeni barua yao inayoiruhusu kamati kukata bima na kufuatilia madai. Barua hiyo ipatikane mapema, kwa kuwa kuitafuta baada ya moto hula muda mwingi.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaponza wengi, nayo ni thamani ya jengo. Kamati hufungua daftari la mhazini na kuandika jumla ya fedha zilizotumika, ilhali matofali yalitolewa bure, mchanga uliletwa na waumini, na mafundi walijitolea. Bima hutaka gharama ya kulijenga jengo upya leo, bila thamani ya ardhi. Tuseme msikiti ungejengwa upya kwa shilingi 200,000,000, lakini daftari linaonyesha 120,000,000, na kamati ikaandika kiasi hicho. Moto unateketeza paa na dari, hasara ni 50,000,000. Mkataba ukiwa na sharti la uwiano, ambalo ni la kawaida katika bima ya moto, kampuni itasema kwamba mlikata bima ya asilimia 60 tu ya thamani, kwa hiyo italipa asilimia 60 ya hasara, yaani 30,000,000. Itaondoa pia ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea. Ikiwa ni 1,000,000, mtabaki na 29,000,000, na paa bado linadai 21,000,000. Mtafuteni mkadiriaji majenzi. Malipo yake ni madogo mbele ya pengo hilo.

Kwenye fomu ya maombi elezeni kila jambo linalozidisha hatari: jiko la kuni nyuma ya darasa, nyaya za umeme zilizoungwa na fundi wa mtaani, mafuta ya jenereta yanayowekwa stoo. Jambo lililofichwa linaweza kuiharibu bima yote.

Hasara ikitokea, ijulisheni kampuni mara moja kwa maandishi, pateni ripoti ya polisi, pigeni picha, na msiondoe vifusi kabla mkaguzi hajafika, isipokuwa kwa kuzuia madhara zaidi. Mwishoni kampuni huleta hati ya kukubali malipo. Akishaitia saini mwenye mamlaka, kwa kawaida madai yamefungwa. Kwa hiyo kamati iisome kikaoni kwanza, na fedha ziingie akaunti ya taasisi, kamwe si simu ya mhazini.

<b>Maswali ya wanachama</b>

<b>Kamati yetu imebadilishwa katikati ya mwaka. Je, bima imekufa?</b>
Hapana, ikiwa mwenye bima ni wadhamini. Pelekeni muhtasari wa uchaguzi na saini mpya, ili aliyeondoka asiweze kudai.

<b>Wazazi tulijenga madarasa kwenye shule iliyoanzishwa na kanisa. Tunaweza kudai wenyewe?</b>
Jengo lililoshikamana na ardhi kwa kawaida humfuata mwenye ardhi, kwa hiyo kuchanga pekee hakuwapi haki ya kudai. Afikianeni kwa maandishi na wadhamini kwamba malipo yatatumika kuyajenga madarasa hayo.

<b>Spika za kwaya ni zangu, nimeziazima kanisa. Zimo?</b>
Bima ya jengo haizihusu. Ziandikwe kwenye orodha ya vifaa, na itajwe kwamba ni mali ya muumini iliyo chini ya uangalizi wa kanisa.

<b>Kampuni ikikataa kulipa?</b>
Itakeni itoe sababu kwa maandishi. Msiporidhika, wadhamini au aliyepewa barua yao anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, akiambatisha hati ya bima, muhtasari na barua ya kukataliwa.